Saa Saba ya Nani? Barua ya Zamu kwa Makarani Wapya wa Ghala, Custom, Juba

Wasimamizi wenzangu,

Mmeniomba nieleze barua ninayompa kila karani mpya anayeingia ghalani kwetu hapa Custom. Ni ya ukurasa mmoja tu. Niliiandika mara ya kwanza kwa haraka, kisha nimeirekebisha kila ilipotokea hasara au ugomvi uliotokana na neno nililoliandika vibaya. Leo nitaisoma kwa vipande, na kila kipande nitakieleza kimetoka wapi.

Inaanza hivi:

*Ndugu karani, karibu kazini. Zamu ya asubuhi inaanza 07:30 na zamu ya jioni inaanza 15:30. Saa tunayoifuata ni ile ya ukutani, juu ya ubao wa kazi. Fika dakika 15 kabla. Mtu akikutajia saa kwa mdomo, mwombe akuandikie kwa tarakimu.*

Toleo la kwanza lilisema tu, "Ripoti saa moja na nusu asubuhi." Kwangu mimi niliyekulia Kiswahili, hakuna sentensi iliyo wazi kuliko hiyo. Lakini ghala la Juba haliendeshwi na Waswahili peke yao. Kwetu kuna Wakenya na Waganda, kuna Wakongo kutoka upande wa Aru, na kuna vijana wa Sudan Kusini ambao wengine walijifunza Kiswahili wakiwa Kakuma au shuleni Nairobi, ila nyumbani wanaongea Kiarabu cha Juba. Katika Kiarabu cha Juba saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kama inavyosomeka kwenye simu. Saa moja yao ni ya mchana, jua likiwa limeshapita utosini. Kijana mmoja nilimwambia kwa simu aje kesho saa moja na nusu. Alifika 13:30, shati limenyooka, na mimi nilikuwa nimeshamwandikia utoro. Hakukosa kitu. Alinisikia kwa lugha yake.

Neno linaloponza zaidi ni *saba*. Kiswahili kimechukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, na Kiarabu cha Juba kinayo maneno hayohayo: sita, saba, tisa. Kwa idadi ya magunia hilo ni neema, maana saba yako ni saba yangu. Kwa saa ni mtego. Ukimwambia mtu "lori linaingia saa saba", wewe unafikiria 13:00 na yeye anafikiria 07:00, na hakuna atakayeuliza kwa sababu kila mmoja amelisikia neno analolijua. Neno geni humfanya mtu aulize, lakini neno mnaloshirikiana linapita bila ukaguzi.

Juu ya hilo kuna saa ya nchi yenyewe. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaachana na saa ya Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo Nairobi na Kampala zikiwa 08:30, Juba ni 07:30. Dereva anayetoka Elegu akivuka mpaka kuingia Nimule "anapata" saa nzima njiani bila kutembea hata kilomita moja. Simu iliyowekewa saa ya Nairobi kwa mkono haibadiliki yenyewe, kwa hiyo karani aliyeshuka basi jana usiku atasimama getini 06:30 akidhani amechelewa, au atawaambia wachukuzi muda wa kufunga umefika wakati bado saa nzima. Ndiyo sababu barua inataja saa ya ukutani, wala haitaji simu. Wakongo wetu wa mashariki hawapati shida hii, kwa kuwa kwao na Juba saa ni moja.

(Nikiri kwamba mabadiliko yale yalinifurahisha. Kabla ya 2021 jua la Juba lilichomoza karibu 07:00, na "saa moja asubuhi" ya Kiswahili ilitukuta alfajiri. Sasa linachomoza karibu 06:00, na saa moja imerudi mahali pake.)

Kipande cha pili:

*Usipokee zamu kwa maneno. Ukifika, tembea na karani unayempokea hadi kwenye kila rundo lililoguswa katika zamu yake. Hesabuni tabaka pamoja, kila mmoja kwa sauti. Andika ulichokiona, halafu ndipo utazame alichoandika yeye. Mkilingana, mtatia saini wote wawili. Msipolingana, hakuna anayeondoka.*

Mpangilio huo, macho kwanza na karatasi baadaye, ndio kiini cha makabidhiano. Karani akiona kwanza kwamba karatasi inasema 340, macho yake yatatafuta 340 na yataipata. Nimelijaribu kwa watu waaminifu kabisa, na wote huipata.

Ili hesabu ya tabaka iwe na maana, rundo lazima lijengwe kwa kanuni. Sisi tunalaza magunia ya kilo 50 kwa mafungu ya matano: matatu upande mmoja, mawili yakikata mbele yake, na tabaka linalofuata linageuzwa ili magunia yafungane kama matofali. Mafungu manne yanafanya tabaka la magunia 20, na tabaka kumi zinafanya rundo la 200. Yote yanakaa juu ya paleti, mbali kidogo na ukuta, kwa sababu mvua za Juba hupanda kupitia sakafuni kabla hazijavuja kutoka juu. Hatari ya mpangilio huu ni tumbo tupu. Wachukuzi wakichoka au wakiharakishwa, katikati ya rundo panaachwa uwazi, na kwa nje unaona kuta nne nzuri. Huwezi kulijua hilo rundo likishamalizika, ila kwa kulibomoa. Kwa hiyo karani hutia alama kwenye kadi ya rundo kila tabaka linapofungwa, akiwa amelitazama kutoka juu.

Kipande cha tatu ndicho kifupi na ndicho kinachovunjwa zaidi:

*Kazi inachukuliwa ubaoni. Andika jina lako mbele ya namba ya lori, na saa. Lori moja, karani mmoja. Usichukue la pili kabla ya kufunga la kwanza. Kabla turubai halijafunguliwa, soma namba ya sili mlangoni au kwenye kamba, uilinganishe na hati ya mzigo. Sili ikiwa imekatika au namba hailingani, usifungue, niite.*

Malori yetu mengi yanapanda kutoka Mombasa kupitia Malaba na Gulu, kisha barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule, na huwa yanafika kwa makundi. Yakifika matatu, karani mwenye moyo wa kujituma hutaka kuyashika mawili. Huyo ndiye anayenipa hofu. Anayehesabu milango miwili hahesabu hata mmoja, maana gunia linatoka wakati kichwa kimegeukia upande mwingine. Napenda lori la pili lisubiri kivulini kuliko kusikia kwamba yote mawili yamemalizika mapema na hayalingani.

Sasa niwape tukio moja lililonifanya niongeze mstari kwenye barua. Lori la unga wa mahindi lilifika mchana likiwa na magunia 560 ya kilo 50, yaani tani 28. Karani wa asubuhi alijiandika ubaoni 13:40, akakagua sili, akaanza tali: mistari minne wima na wa tano ukikata, fungu baada ya fungu. Zamu ilipobadilika lori lilikuwa halijaisha. Karani wa jioni, ambaye alikuwa na wiki moja tu kazini, alitembea kwenye marundo kama barua inavyosema. Rundo la kwanza lilikuwa limekamilika, 200. La pili lilikuwa na tabaka sita, yaani 120, na tabaka la saba lilikuwa na magunia 15. Akaandika 335. Karatasi ya mwenzake ilisema 340.

Ukubwa wa tofauti hukuonyesha pa kuanzia kutafuta. Ikiwa 20, shuku tabaka, kwamba kadi imeruka au imerudia. Ikiwa moja au mbili, shuku mlango, kwamba gunia limepita bila kuonekana au limeshuka upande usio wake. Ikiwa 5 au 10, shuku kalamu kwanza, kwa kuwa fungu la tali ni tano na ni rahisi kulichora mara mbili. Kwa hiyo nilianza na kalamu. Nilimwita nyapara wa wachukuzi, ambaye ana hesabu yake mwenyewe kwa sababu kundi lake linalipwa kwa gunia. Hesabu hiyo naiheshimu sana. Mchukuzi hawezi kukubali gunia alilobeba lisiandikwe, na mimi siwezi kukubali lililoandikwa bila kubebwa, kwa hiyo tukikutana katikati namba ni ya kweli. Nyapara alisema 340. Kalamu ikawa imesafishika: magunia 340 yametoka kwenye lori, na 335 yako kwenye rundo.

Basi matano yalikuwa sakafuni mahali fulani kati ya mlango na paleti. Tuliyakuta nyuma ya ubawa wa mlango, yameegemezwa ukutani. Yalichanika kwenye ndoano za kando ya lori, mchukuzi akayaweka pale yangojee kushonwa, na karani alikuwa ameshayatia kwenye tali yalipovuka mlango. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea kuhesabu. Lakini kama makarani wote wawili wangetia saini bila kutembea, yale matano yangekaa pale hadi mtu wa usiku ayaone kuwa hayana mwenyewe.

Walipomaliza, jioni ile, marundo yalikuwa 200, 200 na 160, na yale matano yaliyoshonwa yakiwa juu kabisa ya rundo la tatu yenye uzi mwekundu. Mstari ulioongezwa kwenye barua ni huu:

*Gunia lililochanika lina safu yake kwenye karatasi ya tali na lina mahali pake ghalani, ndani ya mraba uliopakwa rangi. Lihesabu mlangoni kama mengine, kisha liandike tena kwenye safu hiyo. Zamu ikibadilika, rundo na mraba vijumlishwe.*

Barua hii haigusi uzito. Magunia 560 kamili yanaweza kuwa na unga pungufu, na tali haitaliona hilo. Tunapima kumi yaliyookotwa sehemu mbalimbali za lori, mbele, katikati na nyuma, tukitoa uzito wa mfuko mtupu, lakini hiyo ni kazi ya mwenye mzani na ina barua yake.

Siku ya kwanza simkabidhi karani karatasi tu. Tunasimama wawili mbele ya ubao, naisoma kwa Kiswahili, na mwenzangu anaisema kwa Kiarabu cha Juba. Tukifika kwenye saa tunanyamaza wote, tunamwachia mgeni anyooshe kidole kwenye saa ya ukutani atuonyeshe mshale utakuwa wapi zamu yake ikianza.