Muulize Mwanzilishi Pesa Zitaisha Lini

Msikilizaji, mwezi Juni 2022 kampuni ya Kune, iliyokuwa ikipika chakula na kukisambaza jijini Nairobi, ilifunga milango. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa imetangaza kwamba imepata dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji. Wafanyakazi wapatao 90 wakajikuta hawana kazi. Sababu ilizozitoa yenyewe ni kwamba bei ya vyakula ilipanda, na mtaji wa awamu ya pili ukakosekana.

Ninaitaja kwa sababu vijana wengi wanaoitwa kazini na kampuni changa husoma habari ya mamilioni yaliyotangazwa, kisha roho zao zikatulia. Mamilioni hayo yaliingia jana. Wewe utalipwa kwa kilichobaki leo. Kwa hiyo siku ya kuzungumzia mshahara, muulize mwanzilishi mambo matatu kwa mpigo: benki kuna kiasi gani, kila mwezi zinatoka ngapi, na kila mwezi zinaingia ngapi kutoka kwa wateja?

Tuseme anakujibu kwamba benki kuna shilingi milioni 18, matumizi ni milioni 3 kwa mwezi, na mauzo yanaleta laki 6. Pengo ni milioni 2 na laki 4 kila mwezi. Gawanya, utapata miezi saba na nusu. Lakini hesabu haijaisha, maana wewe mwenyewe bado hujaingia. Kama mnaajiriwa watano, na nyote mnaigharimu kampuni laki 6 kwa mwezi, pengo linafika milioni 3, na miezi saba na nusu inakuwa sita. Kutafuta wawekezaji wapya mara nyingi huchukua nusu mwaka au zaidi. Maana yake ni kwamba mwanzilishi huyu anatakiwa awe ameshaanza mazungumzo nao sasa hivi.

Hapo ndipo penye swali ambalo watu huliogopa: nani ameahidi, na pesa yake imeingia au bado? Barua ya mwekezaji inayoeleza nia yake kwa kawaida haimfungi kutoa fedha. Pengine pia fedha hutolewa kwa mafungu, na fungu la pili halitoki mpaka idadi fulani ya wateja ifikiwe. Uliza idadi hiyo ni ipi, kwa sababu huenda kuifikia ndiyo kazi unayoajiriwa kuifanya.

Mwanzilishi ana haki ya kuficha kiasi kamili kilichoko benki. Akikwambia tu kwamba wana miezi 10 kwa matumizi ya sasa, hilo ni jibu, lipokee. Lakini akisema "tuko vizuri, usijali", rudia swali kwa upole. Akijibu vilevile mara ya pili, ama hajui hesabu zake, ama anazijua na hataki uzijue.

Kuhusu wingi wa kazi, usiulize kama kazi ni nyingi, kwani ataitikia na kuongeza kwamba wao ni familia. Uliza kazi hii sasa anaifanya nani, na aliyekuwa akiifanya kabla yake aliondoka kwa nini. Omba uongee na mfanyakazi mmoja bila bosi kuwapo, umuulize Jumapili iliyopita aliishindaje. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kampuni kuwa changa hakuifuti siku hiyo.

Mfanyakazi huyohuyo muulize kama makato yake ya NSSF yanaonekana kwenye akaunti yake. Kampuni inayokaukiwa mara nyingi hulipa mshahara mkononi na kuacha kupeleka makato, kwa kuwa pengo hilo halionekani upesi. Ukisikia miezi miwili mitatu haipo, umeshajua hali ya benki vizuri zaidi kuliko ulivyoambiwa ofisini.

Na ujue sheria inakulinda kwa kiasi gani. Ajira ikisitishwa kwa kupunguza wafanyakazi, unastahili notisi ya mwezi mmoja au malipo yake, pamoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Neno zito hapo ni "uliotimia": aliyefanya kazi miezi minane hana mwaka wa kuhesabiwa. Kama unaacha kazi ya kudumu, omba notisi ya miezi mitatu iandikwe kwenye mkataba, na uiombe ukijua kwamba hata mkataba mzuri huwa mgumu kulipika kampuni ikiishiwa kabisa.

Kwa hiyo wewe uliyepewa barua ya ajira wiki hii, piga simu kwa mwanzilishi kesho asubuhi, umuulize amebakiwa na miezi mingapi. Barua ya kuacha kazi uliyo nayo isubiri mpaka akujibu.