Kutoka Picha ya Daftari hadi Ushauri wa Msimu Ujao



Mkulima mdogo anayetunza kumbukumbu huziandika kwenye daftari la shule: tarehe kushoto, maelezo katikati, fedha kulia. Siku hizi afisa ugani anaweza kuzipiga picha kurasa hizo kwa simu, programu ikasoma mwandiko, na kompyuta ikatoa jedwali la mavuno na faida kwa kila zao. Hoja yangu ni kwamba jedwali hilo halifai kumshauri mkulima mpaka kila tarakimu iliyomo iweze kufuatwa hadi kwenye mstari wa daftari ilikotoka. Nitaieleza kwa daftari moja la mfano, la mkulima wa Kilosa mwenye ekari tatu: mbili za mahindi na moja ya alizeti. Tarakimu zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Tuanze na kusoma. Mstari wa mauzo ya mahindi unasema: “gn 20 @ 60 = 1,200,000/=”. Mkulima anajua kwamba 60 ni elfu sitini; mashine haijui. Sifuri iliyoandikwa kwa haraka, mkia ukatokeza juu, husomeka kama 6, na magunia 20 yakawa 26. Alama ya “/=” nayo inaweza kusomwa kama 1, na milioni moja na laki mbili ikageuka milioni kumi na mbili. Bahati nzuri mstari huu unajikagua wenyewe: 26 mara 60,000 ni 1,560,000, na daftari linasema 1,200,000. Hesabu isipokubaliana, mstari huwekewa alama nyekundu na mtu hurudi kuitazama picha. Lakini mstari kama “palizi 100,000” hauna cha kuzidisha. Huo hukaguliwa kwa jumla ya ukurasa kama ipo, au kwa kumuuliza mwenye daftari. Ndiyo sababu jedwali liwe na safu mbili, moja ya maneno kama yalivyoandikwa na nyingine ya tulivyoyaelewa, pamoja na namba ya ukurasa. Namba hiyo pia hutuonyesha ukurasa uliopigwa picha mara mbili, ambao gharama zake zingehesabiwa maradufu.

Tarakimu zikishasomwa sawasawa, bado kuna vipimo. Gunia ni la debe ngapi? Mkulima wetu alisema debe sita. Kama mnunuzi angechukua lumbesa ya debe saba, magunia 20 yaliyouzwa yangekuwa debe 140, yaani zaidi ya magunia 23 ya kawaida, na bei ya debe ingeshuka kutoka 10,000 hadi takriban 8,570. Mavuno yangeonekana madogo kuliko yalivyokuwa, na bei nzuri kuliko ilivyokuwa. Gunia la alizeti nalo lina uzito mdogo sana kuliko la mahindi, kwa hiyo magunia ya mazao haya mawili hayalinganishwi moja kwa moja. Vilevile ekari: wengi huipima kwa hatua 70 kwa 70. Zikiwa mita kamili, hilo ni eneo la mita za mraba 4,900, wakati ekari ni kama mita za mraba 4,047. Mavuno kwa ekari yatakuwa yametiwa chumvi kwa zaidi ya moja ya tano bila mtu yeyote kudanganya.

Sasa gharama. Daftari lina mstari “Trekta 180,000/=”, bila jina la zao. Trekta lililima ekari zote tatu, hivyo mahindi hubeba 120,000 na alizeti 60,000. Tukiutupa wote kwenye mahindi kwa sababu ndiyo zao kubwa, tutakuwa tumeipa alizeti kilimo cha bure. Baada ya mgawanyo huo, mahindi yana trekta 120,000, mbegu 140,000, mbolea 290,000, vibarua wa palizi 100,000, na kuvuna, kupukuchua na kusafirisha 130,000: jumla 780,000. Alizeti ina trekta 60,000, mbegu 30,000, palizi 50,000 na kuvuna 40,000: jumla 180,000.

Upande wa mapato, mstari unaokosekana mara nyingi ni wa chakula cha nyumbani. Mavuno lazima yawe sawa na yaliyouzwa, yaliyowekwa ghalani, yaliyotolewa na yaliyoharibika. Ukurasa wa mavuno unasema magunia 24 na ukurasa wa mauzo 20. Manne yalibaki kwa ajili ya familia. Tukiyasahau, mahindi yanabakiza 420,000. Tukiyathamini kwa bei ileile ya 60,000, yanabakiza 660,000, yaani 330,000 kwa ekari. Alizeti ilitoa magunia saba, ikauzwa 55,000 kila gunia, ikaleta 385,000 na kubakiza 205,000 kwa ekari yake moja.

Hapo wengi wangefunga hesabu na kusema: lima mahindi. Lakini jasho la familia halijaingia. Mkulima alikadiria siku 60 za kazi ya nyumbani kwenye mahindi na 15 kwenye alizeti. Kila siku kwenye mahindi ilirudisha 11,000. Kwenye alizeti, karibu 13,700. Kila shilingi 100 iliyotumika kwenye mahindi ilibakiza kama 85, na kwenye alizeti kama 114. Kwa hiyo, anayebanwa na ardhi, mahindi yalimfaa zaidi. Anayebanwa na fedha au nguvukazi, alizeti ilimfaa zaidi. Daftari halisemi mkulima anabanwa na nini. Hilo lazima aulizwe.

Bei nayo ipimwe. Gharama za mahindi hurudi gunia likiuzwa 32,500. Likishuka chini ya takriban 49,600, na alizeti ikibaki na bei yake, alizeti huongoza hata kwa ekari. Hiyo ndiyo tarakimu ya kumwachia mkulima, kwa kuwa yeye hufuatilia soko la Kilosa kuliko sisi.

Ushauri ulio imara zaidi katika daftari hili uko kwenye tarehe. Mahindi yalipandwa 10/3 na palizi ya kwanza ikafanyika 14/4, siku 35 baadaye. Kwa wakati huo magugu yalikuwa yameshashindania maji na mbolea ambayo mkulima aliilipia 290,000. Shauri la kwanza, basi, ni kutenga fedha ya vibarua kabla ya kupanda, ili palizi ifanyike wiki ya tatu. La pili, akisema anabanwa na fedha au nguvukazi, ni kuongeza alizeti kwa nusu ekari tu, si zaidi, maana msimu mmoja hautenganishi ubora wa zao na mvua ya mwaka huo. Nusu ekari hiyo ihamie lilikokuwa shamba la mahindi, na mavuno yake yaandikwe peke yake.

Nawaomba maafisa ugani jambo moja la kutenda. Kabla ya kutoa ushauri, chapisheni jedwali hilo, kila mstari ukiwa na namba ya ukurasa wake, mkalipeleke kwa mkulima pamoja na kalamu. Mistari atakayoisahihisha ifanyiwe hesabu upya mbele yake. Ushauri uliosimama juu ya mstari ambao hakuuthibitisha uandikwe wazi kuwa ni wa kukisia, ili asije akawekeza fedha ya familia kwenye kosa letu la kusoma.