Dumu la Dada na Kidonge cha Pinki

MTANGAZAJI: Leo tuko darasani katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Bwana Afya ametutembelea na anaigiza pamoja na wanafunzi wawili: Dada, na Mdogo wake ambaye tumbo limemsokota tangu jana.

(SAUTI: watoto wanacheka, kisha kimya)

DADA: Shikamoo Bwana Afya.

BWANA AFYA: Marahaba. Mgonjwa wetu anaendeleaje?

MDOGO: Nimekwenda chooni mara nne. Ni maji ya bomba, yana harufu ya dawa!

DADA: Mimi ndiye niliyeyachota. Nimepanga foleni tangu alfajiri, halafu ananisingizia.

BWANA AFYA: Msigombane, tutayauliza maji yenyewe. Nimekuja na maji ya vyombo vitatu: bomba, dumu la Dada, na ndoo ya nyumbani mnayochotea kwa kikombe. Ninayo na vidonge vidogo vya kupimia. Maji yakiwa na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, kidonge huyageuza kuwa pinki. Haya, maji ya bomba. Dada, waambie walio redioni unaona nini.

DADA: Yamekuwa pinki! Pinki iliyokolea.

BWANA AFYA: Basi bomba tumeliachilia. Yangebaki meupe, tungemwambia msimamizi wa kituo cha maji siku hiyo hiyo. Sasa maji ya dumu.

DADA: Pinki pia, lakini imefifia.

BWANA AFYA: Na ya ndoo?

MDOGO: Hakuna kitu. Yamebaki vilevile.

DADA: Lakini ni maji yale yale, ya asubuhi ile ile!

BWANA AFYA: Ndiyo, na safarini dawa imeliwa. Klorini hupigana na uchafu, na kila inapopigana inapungua. Ingiza kidole ndani ya mdomo wa dumu lako. Unagusa nini?

DADA: Utelezi. Kama mgongo wa samaki.

BWANA AFYA: Huo umekula nusu ya safari. Nusu nyingine iko kwenye ndoo. Ina kifuniko?

DADA: Kilipasuka.

BWANA AFYA: Na kikombe hushikwaje mnapochota?

MDOGO: Hivi.

DADA: Vidole vyote vimo ndani ya maji!

BWANA AFYA: Na vidole hivyo vilitoka wapi kabla ya hapo?

MDOGO: (kwa sauti ndogo) Chooni. Lakini nilinawa! Ndani ya beseni, baada ya wenzangu.

BWANA AFYA: Beseni moja watu watano, wa tano ananawa uchafu wa wanne. Maji ya kunawa lazima yatiririke yakaanguke chini. Njoo hapa kwenye kibuyu chirizi, kanyaga kijiti. Lowesha, paka sabuni. Pasipo na sabuni, chukua majivu. Sasa sugua huku ukihesabu polepole mpaka 20.

MDOGO: Moja, mbili, tatu... nimemaliza.

BWANA AFYA: Umesugua viganja tu. Migongo ya mikono je? Katikati ya vidole? Kidole gumba husahauliwa kila siku, na chini ya kucha ndiko kwenye maficho.

MDOGO: ...kumi na tisa, ishirini!

DADA: Usijifute kwenye kaptula!

BWANA AFYA: Asante Dada. Kung'uta, ziache zikauke kwa hewa. Utafanya hivyo ukitoka chooni, kabla ya kula, na kabla ya kugusa chombo cha maji ya kunywa. Sasa dumu. Tunatia kokoto ndogo ganzi moja la mkono, maji kidogo na sabuni. Funga, utikise kwa nguvu, ulipindue, utikise tena.

(SAUTI: kokoto zikigonga ndani ya dumu)

DADA: Maji yanatoka ya kijani!

BWANA AFYA: Rudia mpaka yatoke meupe, kisha suuza. Fanya hivyo kila wiki. Na nyumbani msimimine tena kwenye ndoo iliyo wazi. Maji ya kunywa yakae kwenye dumu lenye mfuniko, mmimine kwenye kikombe, mkono usiingie.

MDOGO: Na ile harufu?

BWANA AFYA: Harufu kidogo ndiyo dalili kwamba mlinzi bado yuko kazini. Nawe, kwa kuwa unaharisha, mama akupeleke kituo cha afya leo, na njiani uendelee kunywa.

(SAUTI: maji yakimiminika)

DADA: Nimechota upya bombani kwa dumu lililosuguliwa. Tia kidonge, Bwana Afya.

MDOGO: Pinki! Imekolea kama ya bomba! Naomba ninywe.

BWANA AFYA: Hapana, hayo yana kidonge cha kupimia, hayanywewi. Mwage. Dada atakumiminia mengine.