Wasambazaji wanatafutwa

Msikilizaji, kuna matangazo yanayozunguka LinkedIn: kiwanda kinatafuta wasambazaji mikoani. Masharti ni leseni ya biashara, TIN, ghala, gari na mtaji. Maombi yatumwe kwa barua pepe.

Sasa tutazame mtaji. Tuseme unatakiwa kununua sabuni za milioni 20 kwa fedha taslimu, na faida ni asilimia 4. Mzigo ukiisha mara mbili kwa mwezi, unapata 1,600,000. Lakini maduka ya mikoani hutaka mali kauli. Yakikulipa baada ya siku 30, fedha inazunguka mara moja tu: 800,000, na humo utoe mafuta, wapakuzi na kodi ya ghala.

Kwa upande mwingine, kiwanda nacho kina hoja: kikikopesha mtu kisiyemjua, mzigo unaweza kupotea. Na ukipewa eneo lako peke yako, kwa maandishi, hesabu inabadilika.

Jambo la mwisho: ukidaiwa "ada ya fomu" kwa namba ya simu ya mtu binafsi, shtuka, jina la kampuni lihakikishe BRELA.

Swali ni hili: mkopo wa muuza duka aubebe nani, kiwanda au msambazaji?