Saa za Kutuma Ujumbe wa Kila Juma kwa Wanachama



Mazungumzo haya yahusu jambo moja tu: kwa nini ujumbe wa mizani huweza kumfikia mwanachama baada ya mizani kufungwa.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha Kilosa chenye wakulima wa ufuta upande wa Mikumi. Katibu anataka ujumbe uwafikie kila Jumatatu saa 12.30 asubuhi, kabla mtu hajabeba gunia. Kazi hiyo hupewa cron, mtumishi wa ndani ya seva asiyelala, ambaye husoma dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Fundi aliyeambiwa maneno hayo akaandika kama alivyosikia:

```
30 12 * * 3 /opt/chama/tuma.sh
```

Ujumbe ulifika Jumatano saa 9.30 alasiri. Daftari la seva lilionyesha kwamba kazi imetendeka bila kosa, na ni kweli, kwa kuwa cron hutii kilichoandikwa.

Makosa yalikuwa matatu. Kwanza, Jumatatu ina neno “tatu”, lakini cron huhesabu Jumapili 0 na Jumatatu 1; 3 ni Jumatano. Pili, saa 12.30 yetu ya asubuhi huandikwa 6:30, kwani sisi huhesabu tangu macheo, nayo seva tangu usiku wa manane. Tatu, seva nyingi za kukodi hufuata saa za dunia, UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Hivyo 12:30 ya seva ilikuwa 15:30 ya Tanzania.

Katika seva iliyobaki kwenye UTC, mstari sahihi ni `30 3 * * 1`. Kwa kuwa Tanzania haisogezi saa zake kwa majira, tofauti hiyo haibadiliki. Lakini kazi za usiku zina mtego: saa 8.30 usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa UTC bado ni Jumapili 23:30, kwa hiyo siku huandikwa 0.

Ni afadhali seva yenyewe iwekwe saa za hapa, ili mtu asiendelee kutoa na kujumlisha kichwani. Msimamizi wa seva ya Debian au Ubuntu huandika:

```
timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
systemctl restart cron
date
```

Amri ya pili isirukwe, maana cron iliyokwisha kuanza huweza kushikilia saa za zamani. Jibu la `date` lilinganishwe na saa ya mkononi. Zikilingana, mstari huwa:

```
30 6 * * 1 /opt/chama/tuma.sh
```

Mistari ya zamani iliyopunguzwa saa 3 irekebishwe siku hiyo hiyo, ama sivyo ujumbe utatoka saa 9.30 usiku. Kisha katibu aweke namba ya simu yake katika orodha ya wapokeaji, na Jumatatu inayofuata aandike saa ujumbe ulipoingia.