Mtoto Anapohara Maji: ORS, Zinki na Dalili za Kukimbilia Hospitali

Mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kwa baraza za vijiji na kliniki za mama na mtoto



Mazungumzo ya leo yanamhusu mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka miwili anayehara maji, yaani anayepata choo chepesi kama maji mara tatu au zaidi kwa siku, bila damu. Wazazi wengi wanaijua pakiti ya ORS. Hata hivyo, wapo watoto wanaofikishwa hospitalini wakiwa wamekauka ilhali pakiti ilishafunguliwa nyumbani. Mzazi akiulizwa, husema kwamba mtoto alipewa maji hayo, lakini hakuacha kuhara, kwa hiyo wakayaacha.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba ORS haizuii kuhara. Mtoto anayehara ni kama ndoo inayovuja. ORS haizibi tundu, bali inaijaza ndoo wakati tundu linapojiziba lenyewe. Kwa watoto wengi kuhara huku huletwa na virusi, na huisha baada ya siku chache. Kinachomuua mtoto katika siku hizo ni kupoteza maji na chumvi kwa kasi kuliko anavyorudishiwa. Kwa hiyo mzazi asipime kazi ya ORS kwa kuhesabu nepi. Aangalie kama mtoto anakojoa, anacheza na ana machozi anapolia.

Kuchanganya ORS

Utumbo wa mtoto anayehara bado unaweza kunyonya maji, mradi sukari na chumvi ziingie pamoja kwa kipimo maalumu. Ndiyo maana maji ya pakiti hufanya kazi ambayo maji matupu hayawezi, na ndiyo maana kipimo hakichezewi.

Kabla ya kufungua pakiti, soma imeandikwa ni ya maji kiasi gani. Ziko za nusu lita na ziko za lita moja, na kuzichanganya hizi mbili ni kosa linalotokea sana. Pakiti ya nusu lita inahitaji chupa moja ya maji au soda ya mililita 500, iliyooshwa vizuri. Nawa mikono kwa sabuni, pima maji yaliyochemshwa yakapoa, yamimine katika chombo safi, kisha tia unga wote na ukoroge hadi uyeyuke.

Usigawanye pakiti ili utumie nusu leo na nusu kesho. Usipunguze maji ukidhani dawa itakuwa na nguvu zaidi. Mchanganyiko mzito huvuta maji kutoka mwilini kuyapeleka tumboni, mtoto akazidi kuhara, na chumvi ikizidi katika damu inaweza kumletea degedege. Mchanganyiko mwepesi mno nao haumrudishii chumvi aliyopoteza. Usiongeze sukari, maziwa, soda wala juisi, na usichemshe baada ya kuchanganya. Funika chombo, na yakibaki baada ya saa 24, yamwage uchanganye mengine. Glukosi ya dukani si ORS, kwa sababu haina chumvi zinazohitajika.

Mfano wa mtoto wa kilo 10

Tuchukue mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye uzito wa kilo 10, aliyeanza kuhara Ijumaa jioni. Jirani anasema ni meno yanaota. Meno yaote yasiote, choo cha maji ni maji yanayotoka mwilini, na mama anaanza ORS usiku huohuo bila kungoja asubuhi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kila baada ya choo chepesi hupewa mililita 50 hadi 100. Hiyo ni sawa na vijiko vya chai 10 hadi 20. Hapewi kwa mkupuo. Mama anampakata, anatumia kikombe na kijiko, na kumpa kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Kufikia asubuhi mtoto ameenda choo mara sita, naye amekunywa karibu chupa nzima ya nusu lita.

Katikati ya usiku alitapika. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Mama huyu alingoja dakika 10, akaanza tena, safari hii polepole zaidi, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Mtoto akitapika mara moja au mbili, sehemu kubwa ya alichokunywa huwa imeshabaki tumboni. Kutapika kila kitu bila kitu chochote kukaa ni jambo lingine, na tutalifikia.

Mama aliendelea kumnyonyesha, na asubuhi akampa uji. Mtoto anayehara hafungi kula. Akinyimwa chakula, utumbo huchelewa kupona na uzito hushuka. Apewe kidogokidogo mara nyingi, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Tuseme sasa kwamba Jumamosi mchana mtoto huyu anabadilika. Macho yameingia ndani, analialia bila kutulia, na akiona kikombe anakidaka kwa pupa. Hizo ni dalili kwamba amepungukiwa na maji, na huu ndio wakati wa kumpeleka kituo cha afya. Huko hupewa ORS kwa uzito wake, mililita 75 kwa kila kilo kwa muda wa saa nne. Kwa kilo 10 ni mililita 750, yaani chupa moja na nusu. Mama ndiye anayemnywesha, mhudumu akimwangalia, kisha anapimwa upya. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo bila dripu. Akichelewa hadi Jumapili, huenda asiweze tena kunywa, na hapo dripu ndiyo itakayohitajika, haraka.

Zinki kwa siku 10

Zinki ndiyo mwenzake ORS. ORS inarudisha maji, zinki inasaidia utumbo kupona. Hupunguza siku za kuhara na wingi wa choo, tena humpunguzia mtoto uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa tembe moja ya miligramu 20 kwa siku. Wa chini ya miezi sita hupewa nusu tembe. Weka tembe kwenye kijiko safi, tia maji kidogo yaliyochemshwa, maziwa ya mama au ORS, ngoja iyeyuke, kisha umpe yote. Ina ladha kama ya chuma, na watoto wengine huitema. Akiitapika kabla ya nusu saa kwisha, mpe nyingine.

Kosa kubwa la zinki ni kuiacha mapema. Mtoto wa mfano wetu aliacha kuhara siku ya nne, na tembe sita zikawa zimebaki. Zisirudishwe kabatini wala asipewe mtoto wa jirani. Faida ya kumkinga baadaye hutokana na kumaliza siku 10, au 14 kama mhudumu alivyoagiza. Mama huyu aliweka alama kwenye kalenda ya ukutani kila alipompa tembe, hadi siku ya kumi.

Dawa za kufunga tumbo wanazotumia watu wazima asipewe mtoto. Hulegeza mwendo wa utumbo na zinaweza kumdhuru, huku maji yakiendelea kukusanyika tumboni. Antibiotiki nazo haziui virusi, na kuhara maji kwa kawaida hakuzihitaji. Ziache hadi mhudumu aliyempima mtoto aziandike.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usingoje kuche, wala usingoje pakiti iishe, ukiona mojawapo ya haya:

- Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila anachopewa.
- Amelegea, analala isivyo kawaida au ni vigumu kumwamsha.
- Amepata degedege.
- Macho yameingia ndani, analia bila machozi, au hajakojoa kwa saa sita.
- Ngozi ya tumbo inachelewa kurudi.
- Kuna damu kwenye choo.
- Anahara maji mengi meupe kama maji ya mchele, hasa wakati wa kipindupindu.
- Ana homa kali, au anapumua kwa shida.

Kipimo cha ngozi kinaweza kufanywa nyumbani. Mlaze mtoto chali, finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa vidole viwili, ishikilie kwa sekunde moja, kisha iachilie. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, mpeleke. Ikibaki imesimama kwa zaidi ya sekunde mbili, hali ni ya hatari na kila dakika ina maana. Kwa mtoto aliyekonda sana kipimo hiki kinaweza kudanganya, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

Wako watoto wasiofaa kutibiwa nyumbani tangu mwanzo. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayehara apelekwe siku hiyohiyo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyekonda sana au aliyevimba miguu yote miwili, naye apelekwe, kwa sababu mwili wake haumudu chumvi na maji kama wa wenzake na hospitali hutumia utaratibu tofauti kwake. Na kuhara kunakofikisha siku 14 kunahitaji uchunguzi, hata kama mtoto anacheza.

Safari ya hospitali isiwe mapumziko ya ORS. Kama mtoto yuko macho na anaweza kumeza, beba chupa na kijiko umpe njiani, iwe ni kwa bodaboda, matatu au kwa miguu. Akiwa amelegea hawezi kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, kwa maana kinaweza kuingia mapafuni.

Mkifika, mwambieni mhudumu mambo manne: alianza kuhara lini, ameenda choo mara ngapi tangu jana, alikojoa mara ya mwisho saa ngapi, na amepewa nini nyumbani, pamoja na dawa za kienyeji kama zipo. Mchukulieni kijitabu chake cha kliniki, kwa kuwa uzito ulioandikwa humo utamsaidia mhudumu kuona amepungua kiasi gani. Na kwa wale ambao hawana pakiti nyumbani, muulizeni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu au kituo kilicho karibu leo hii, mtoto angali mzima. Saa nane za usiku si wakati wa kuanza kutafuta ORS.