Kubadili Kichwa cha Tasnifu Baada ya Utafiti Uwandani

Msikilizaji, tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uzamili aliyekwenda Paje, Unguja, kuchunguza jinsi bei ndogo inavyowafanya wanawake waache kilimo cha mwani. Wakulima wakamweleza jambo jingine: mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko spinosamu, hufa maji ya kina kifupi yakipata joto. Kichwa cha awali hakibebi tena data yake.

Afanyeje? Aandike barua kwa mkuu wa idara, ipitie kwa msimamizi wake. Aweke kichwa cha zamani, kinachopendekezwa, na matokeo yaliyosababisha mabadiliko. Aoneshe pia malengo na maswali yapi yanarekebishwa, na yapi yanabaki.

Msimamizi naye asiishie kutia saini. Athibitishe kwamba ameiona data na kwamba inatosha kujibu maswali mapya. Bila hivyo, kamati ya uzamili inaweza kudhani mwanafunzi anakwepa kazi ngumu.

Ikiwa mada yenyewe imehama, si maneno tu, mwanafunzi aulize kama kibali cha utafiti kinahitaji kurekebishwa. Na asubiri idhini ya maandishi kabla ya kuwasilisha tasnifu.